Jinsi ya kuchora kigogo akajulikana bila kufanana: kofia ya mzee, mabati ya Karamoja na mahali pa kuweka lebo

Wanaoanza kuchora katuni za siasa hapa Uganda karibu wote wana swali moja, nitafanyaje huyu mheshimiwa afanane? Na ndo hapo wanapotelea, mtu anakaa siku nzima anasugua penseli kwenye pua ya waziri mpaka inafanana kabisa na picha ya gazeti, halafu anapost na watu wanauliza "huyu nani ssebo?" Sura kufanana ni kazi ya mpiga picha wa pasipoti. Katuni inasomwa na mtu aliye ndani ya taksi, simu mkononi, ana sekunde mbili tatu tu, na hizo sekunde hazitoshi kupima pua ya mtu. Anachokamata ni umbo la jumla, kitu kimoja kilichokuzwa kupita kiasi, na neno moja au mawili yaliyoandikwa mahali pake.

Sasa badala ya kuongea hewani tuchukue katuni moja tuichore toka mwanzo mpaka inapotoka. Nimechagua sakata la mabati ya Karamoja kwa sababu wengi wanalikumbuka: mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja yakaja kuonekana kwa wakubwa, na mwezi wa nne 2023 mawaziri watatu wakafikishwa mahakamani. Na kwa upande wa mtu tunamchukua Museveni, maana hakuna anayefundisha somo hili vizuri kama yeye na ile kofia yake.

Kwanza andika sentensi, penseli baadaye

Kabla hujagusa karatasi andika katuni yako kwa sentensi moja ya kawaida, kama unavyomwambia jirani. Ya kwetu ni hii: vigogo wamekalia mabati ya Karamoja na wamejikinga jua chini ya kofia ya mzee, huku bibi wa Karamoja yuko juani. Basi. Sentensi ikihitaji "halafu" mara tatu ujue hiyo ni hadithi ya picha nyingi, ikate. Na angalia kwenye sentensi hiyo ni vitu gani lazima msomaji avitambue: kofia ni ya nani, mabati ni ya wapi, waliokaa ni watu wa aina gani. Vitu vitatu. Kila kimoja utakitafutia njia yake ya kutambulika, na si vyote vitahitaji maandishi.

Tafuta kilicho tofauti kwa mtu huyu

Kusanya picha zake nyingi za pembe tofauti na za miaka tofauti, usitegemee moja, maana picha moja inaweza kuwa na kivuli au lenzi iliyopanua pua na wewe ukadhani ndo sura yake. Ziweke pamoja kwenye skrini halafu jiulize, ukimsimamisha huyu mtu katikati ya wanaume wa kawaida wa umri wake, nini kinamtoa nje? Karikacha yote imejengwa kwenye tofauti hiyo. Unachukua pale anapotofautiana na watu wengine unakuza, pale alipo kama wengine unaacha kama palivyo. Kwa Museveni mimi naona kofia kwanza, halafu kichwa kipana cha mviringo, mashavu yaliyojaa, na shingo fupi inayozama kwenye kola ya shati. Chagua viwili, vikizidi sana vitatu. Ukikuza masikio na pua na kidevu na tumbo kwa pamoja jicho linakosa pa kupimia, na unabaki na kikaragosi ambacho kinaweza kuwa mjomba wa mtu yeyote.

Kofia yenyewe inataka uangalifu, hapa ndo wengi wanakosea. Mtu anachora kofia yoyote yenye ukingo mpana akidhani imetosha, kumbe amechora mchunga ng'ombe wa sinema za Marekani. Ile ya sinema ukingo wake umekunjwa juu pande mbili na sehemu ya juu ina bonde katikati. Ya mzee ukingo unazunguka pande zote karibu sawa, umelala au umeinama kidogo chini, na mara nyingi kuna kamba inayopita chini ya kidevu. Hiyo kamba ni mstari mmoja tu wa kalamu lakini usiiache, ndiyo inayomfanya mtu aseme "aah, Sevo" badala ya "huyu mkulima gani?"

Kwa vipimo, mtu wa kawaida urefu wake ni kama vichwa saba na nusu. Kwenye katuni mpe vichwa vitatu, yaani kichwa na kofia vichukue theluthi ya mwili wote, mwili unabaki mdogo wa kubebea tu. Ukingo wa kofia anza na upana mara mbili ya uso. Hapo tayari ni karikacha na bado hujachora jicho hata moja.

Jaribio la umbo jeusi

Chukua karatasi nyingine, iweke juu ya mchoro, uegemeze kwenye kioo cha dirisha mchana, ufuate mstari wa nje peke yake, kisha ujaze ndani yote kwa maka nyeusi. Hakuna macho, hakuna mdomo, umbo jeusi tu. Lipige picha kwa simu ulipunguze mpaka lilingane na ukucha wa kidole gumba. Bado anajulikana? Kama ndiyo, uso utakaochora baadaye ni nyongeza. Kama hapana, usikimbilie kuandika jina, rudi kwenye umbo: panua ukingo, fupisha shingo, zungusha mashavu yatokeze nje ya mstari wa kichwa.

Wanasiasa wengi hawapiti jaribio hili, tuseme ukweli. Waziri wa kawaida wa Uganda ni suti, tai na tumbo, na ukimgeuza umbo jeusi anafanana na mawaziri wengine wote. Huyo ndo anayehitaji lebo, tutamfikia.

Pua si kabila

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ni kitu kinachoharibu kazi za watu wazuri. Sisi Waganda (nasema raia wote, si Baganda peke yao) tuna tabia ya kusoma kabila usoni: pua hivi ni mtu wa magharibi, weusi huu na urefu huu ni mtu wa kaskazini. Ukikuza kile ambacho watu wanakichukulia kama alama ya kabila, hujamchora mheshimiwa, umechora kabila lake lote, na wasomaji wa upande ule watahisi hivyo hata kama hoja yako ilikuwa ya bajeti. Wachoraji wa magazeti ya Ulaya miaka ya sabini walimfanyia Idi Amin jambo la namna hii, wakamwekea midomo ile ile waliyokuwa wanamwekea Mwafrika yeyote tangu ukoloni, wakati mtu mwenyewe alikuwa amewapa mali tele ya kuchora: mwili mkubwa, na medali zimejaa kifuani mpaka koti linainama.

Namna ya kujikagua ni rahisi. Funika kofia au alama yake ya kudumu kwa kidole, angalia uso uliobaki, ujiulize, huu ungemfaa pia ndugu yake, jirani yake, mtu yeyote wa wilaya yake? Kama ungemfaa yeyote wa kule, ondoa hiyo pua urudishe ya kawaida, ukuze kitu alichokichagua mwenyewe, mfano nguo, mkao, ishara ya mkono, namna anavyovaa miwani.

Alama ya kudumu, na rangi inayokuacha porini

Kuna vitu mtu anavivaa mwenyewe, na kuna vitu mchoraji anamvalisha mpaka vinamganda. Zapiro wa Afrika Kusini alimwekea Jacob Zuma bomba la bafu kichwani baada ya Zuma kusema mahakamani mwaka 2006 kwamba alioga ili kupunguza hatari ya virusi vya ukimwi, na tangu hapo bomba likawa ndilo Zuma. Gado, mchoraji wa magazeti ya Kenya, akawa anawachora Uhuru na Ruto na mnyororo na tufe la chuma mguuni kwa sababu ya kesi ya ICC. Hivi vitu havikufanya kazi siku ya kwanza peke yake, vilirudiwa na kurudiwa, na mwanzoni msomaji alivielewa kwa sababu habari ilikuwa motomoto. Kwa hiyo ukitaka kubuni alama yako mwenyewe anza wiki ile ile ya tukio, iweke mahali pale pale kila mara, na usiibadilishe ukubwa ovyo.

Bobi Wine ni mfano mzuri wa alama aliyoivaa mwenyewe, bereti nyekundu iliyoinamia upande mmoja. Ila kwenye kampeni za kuelekea uchaguzi wa Januari 2021 alianza kuvaa helmeti na fulana ya kuzuia risasi, na mchoraji aliyeng'ang'ania bereti pale alikuwa anachora mwaka uliopita. Fuatilia mtu wako.

Tatizo lingine la bereti ni rangi. Gazeti likichapwa nyeusi na nyeupe, au mtu akipiga fotokopi, nyekundu inageuka kijivu kizito na bereti inakuwa ya askari yeyote, na ni hatari kidogo kwa sababu mwaka 2019 serikali iliorodhesha bereti nyekundu kama vazi la jeshi, kwa hiyo msomaji anaweza kweli kuona mwanajeshi. Njano ya NRM nayo inapotea kabisa, inakaribia weupe wa karatasi. Suluhisho ni kutotegemea rangi: ongeza mwavuli wa NUP mkononi, au basi la NRM nyuma, vitu vyenye umbo. Kabla hujapaka rangi yoyote geuza mchoro uwe wa kijivu kwenye simu uone kama bado unasomeka.

Sasa ikuze mpaka iwe kitu kingine

Turudi kwenye mabati. Tuna kofia yenye ukingo mara mbili ya uso. Endelea kuivuta. Mara tatu, mara tano, mpaka ukingo unakuwa paa la banda na uso chini yake hauna kazi tena. Kwenye katuni yetu mimi ninauondoa uso kabisa. Inabaki kofia kubwa imeshikiliwa juu kwa nguzo moja, kamba inaning'inia, na chini yake kivuli kizito cha mistari ya kalamu. Mtu mzima hayupo, na kila Mganda anajua ni nani.

Ndani ya kivuli weka vigogo watatu, suti zimebana, vichwa vidogo, matumbo makubwa, kila mmoja amekaa juu ya rundo la mabati. Bati chora kwa mawimbi upande wa ukingo, mistari mitano sita inatosha, usihesabu kila wimbi. Nje ya kivuli, upande wa kulia, bibi amekaa chini kwenye kijumba chenye kuta bila paa. Jua juu yake. Bibi mchore kawaida kabisa, usimkuze chochote, kwa sababu ukimfanyia karikacha na yeye macho ya msomaji yatamcheka, na siye tunayemcheka.

Weka kofia kushoto, bibi kulia. Msomaji wetu anaanza kushoto, anakutana na kofia kubwa, anashuka kwenye mabati, anamalizia kwa bibi, na hapo ndo kichekesho kinauma. Ukigeuza, bibi anasomwa kwanza kabla hatujajua ananyimwa nini.

Lebo

Lebo ni kwa kile ambacho mchoro hauwezi kusema peke yake, hiyo ndo sheria pekee ninayoifuata. Kofia haipewi lebo, ukiandika MUSEVENI juu yake umemwambia msomaji kwamba humwamini, na umejiambia mwenyewe kwamba kofia imekushinda. Jua halipewi lebo pia. Mabati ndo yanataka, kwa sababu bati ni bati, lipo kila mtaa, kwa hiyo ubavuni mwa rundo la mbele andika KARAMOJA, neno moja. Mwaka 2023 mwezi wa tatu au wa nne usingehitaji hata hilo, bati lenyewe lilikuwa limekuwa jina la sakata. Leo linahitajika. Lebo inategemea habari ina umri gani, na katuni ya zamani ukitaka kuitoa tena irudie kuisoma kama mtu aliyekuwa nje ya nchi.

Vigogo je? Hapa kuna njia mbili. Unaweza kuwaacha bila jina, wakawa ni tabaka, "wakubwa" tu. Au unamtaka waziri fulani, na kwa kuwa umbo lake halijulikani, unaandika cheo au wizara, si jina, na unaandika kwenye kitu ambacho kingekuwa na maandishi hata maishani: begi, mlango wa gari, kibao cha mezani. Lebo iliyobandikwa kifuani au tumboni inaonekana ni ya mchoraji aliyeishiwa. Kwenye katuni hii nawaacha bila jina, kofia na mabati vinatosha kuwatambulisha. Nikihesabu lebo zote ni moja. Zikifika nne kwenye katuni yoyote anza upya kwenye sentensi.

Ukubwa wa herufi watu hawaupimi kabisa halafu wanashangaa. Karatasi ya A4 iliyolazwa ina upana wa sentimita 29.7, na skrini ya simu ya kawaida ikisimama ina kama sentimita 6.8, maana yake mchoro wako unapunguzwa zaidi ya mara nne. Ukitaka herufi ionekane milimita 2 kwenye simu, ambayo ndo ndogo inayosomeka bila kuvuta picha, lazima uiandike karibu milimita 9 kwenye karatasi. Ukiisimamisha karatasi, upana ni 21, herufi ya milimita 6 hivi inatosha, na hii ni sababu nzuri ya kuchora wima kama kazi ni ya mtandaoni. Andika herufi kubwa zote, pigia mistari miwili ya penseli kwa rula, na andika neno kabla hujachora kitu kinacholibeba, usije ukafika KARAMO na nafasi imeisha.

Waonyeshe watu kabla ya wino

Funika lebo kwa kipande cha karatasi, muonyeshe mtu asiye mchoraji, wa stendi ya boda au wa kukaanga roleksi, mpe sekunde tatu, ondoa, muulize ameona nini. Usimuulize "unamjua huyu?" maana unamwonyesha jibu kwamba kuna mtu wa kujulikana. Akisema "kofia ya mzee na watu wamekaa kivulini" umemaliza. Akisema "mwavuli" ukingo umezidi mviringo na sehemu ya juu ya kofia ni fupi, ipandishe na uichoree mkanda unaoizunguka. Akisema "uyoga" nguzo ni nene mno. Fanya hivyo na watu wa mahali tofauti, Kampala na Busia hawasomi picha kwa jicho moja.

Baada ya hapo wino. Mstari wa nje wa kofia kalamu ya milimita 0.8, watu 0.5, mawimbi ya bati na kivuli 0.3. Karatasi ya fotokopi inavuja wino, tumia manila au karatasi nzito ya gramu 160. Acha ikauke kabla ya raba. Skana kwa dpi 600 kama ni mistari mitupu, 300 kama kuna rangi.

Kuhusu kukamatwa

Watu wanadhani kuacha jina kunakulinda. Mwaka 1831 Charles Philipon wa Ufaransa alishtakiwa kwa kumchora mfalme Louis-Philippe, na mahakamani akachora hatua nne, uso wa mfalme unageuka kidogo kidogo mpaka unakuwa tunda la pea, akauliza sasa mtafunga kila anayechora pea? Alipatikana na hatia hata hivyo, ingawa pea ikabaki kuwa mfalme nchi nzima.

Hapa kwetu kosa la uchochezi lilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2010, na Januari 2023 ikafuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi ya kompyuta, lakini marekebisho ya 2022 yaliongeza makosa mengine, na mwaka 2024 mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana miaka 6 kwa video za TikTok za kumtukana rais na familia yake. Kwa hiyo kwenye kazi: usiandike MWIZI kwenye mtu ambaye hajahukumiwa. Mkalishe kwenye mabati, andika mabati ni ya wapi. Usiingize mke wala watoto. Kuza kazi yake na vazi lake, acha ugonjwa na kilema. Na kama unachorea gazeti, mwonyeshe mhariri wakati bado ni penseli.

Kuitoa

Toa picha ya pikseli 1080 kwa 1350. Sahihi yako na mwezi na mwaka viweke ndani ya mchoro, karibu na miguu ya vigogo, si pembeni, maana pembeni patakatwa na wa kwanza atakayeihamishia kwenye grupu la WhatsApp, na maelezo uliyoandika chini ya picha hayatasafiri nayo.